Hita ya Maji: Udhibiti wa Mzunguko Wazi na wa Mzunguko Funge

Chukua hita ya lita 50 yenye koili ya wati 1,500, katika nyumba ya Malindi inayopata maji kutoka tangi la juu ya paa. Maji yanaingia yakiwa na nyuzi 27, nasi tunayataka yafike 60.

Hatua ya 1: Tumia taima peke yake. Piga hesabu ya muda, ukijua kwamba lita moja ya maji huhitaji jouli 4186 hivi kupanda nyuzi moja, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde:

```
50 × 4186 × (60 − 27) ÷ 1500 = sekunde 4605
```

Hizo ni kama dakika 77, tukiacha joto linalopotelea nje. Weka taima dakika 77, ikatike yenyewe. Huu ni mzunguko wazi: amri inatoka kwa taima kwenda kwa koili, na hakuna habari yoyote inayorudi kutoka kwenye maji.

Hatua ya 2: Badilisha hali, taima iache ilivyo. Jua likiwa limepasha tangi hadi nyuzi 35, dakika zile zile zitayafikisha maji 68. Jioni volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya koili hushuka hadi wati 1,040 hivi, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Maji ya nyuzi 27 yataishia 50. Taima haikukosea mahali. Ilihesabu dakika kama ilivyoambiwa. Ila hesabu yetu ilikuwa ya siku moja tu, yenye volti zake na maji yake.

Hatua ya 3: Ongeza themostati. Kihisi chake huingia ndani ya kijibomba kilichozamishwa kwenye maji. Maji yakifika 60, swichi inakata. Yakipoa hadi 54 hivi, inawasha tena. Sasa joto la maji lenyewe ndilo linaloamua, na huu ndio mzunguko funge. Volti zikishuka, koili itawaka muda mrefu zaidi, lakini maji yatafika 60. Pengo hilo la nyuzi 6 limewekwa kwa makusudi. Bila hilo, swichi ingewaka na kuzima kila mara hadi ncha zake ziungue.

Hatua ya 4: Hakikisha kihisi kinasoma maji. Hapa ndipo wanaoanza hupotea: kuwa na themostati hakutoshi. Kihisi kikichomoka na kuning'inia hewani, kitasoma ubaridi na koili itaendelea kuchemsha. Mzunguko umefunguka tena, safari hii bila hata taima ya kukata. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama visima vya pwani yetu, hubeba chokaa. Ukoko wake ukishika kijibomba, habari ya joto huchelewa, na maji hupita 60 kabla swichi haijakata.

Dalili ni taa ya hita isiyozima kabisa, au vali ya usalama inayotiririka maji ya moto muda wote. Zima swichi kuu, pima kwa testa kwamba hakuna umeme, kisha fungua kifuniko na usukume kihisi hadi kigote mwisho wa kijibomba. Swichi ya dharura, ile inayokata umeme maji yakizidi joto, ikiwa imekata, usiirudishe kabla hujajua kilichoikatisha, wala usiiruke kwa waya.