Somo: Umefika kwenye mkutano wa ukoo, uani wako watu arobaini. Unaanza na nani?

Mimi ni Mhehe wa Iringa niliyeolewa Rungwe, kwa hiyo mambo haya nimejifunza mara mbili, na mara ya pili kwa aibu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilipelekwa ukweni, nje kidogo ya Tukuyu. Nikamwona baba mkwe kaketi kibarazani, nikaenda moja kwa moja, nikapiga magoti na kumpa mikono miwili, kama nilivyofundishwa nyumbani. Mzee akairudisha mikono yake magotini. Ua mzima ukanyamaza. Wifi yangu akanishika bega akaniondoa taratibu, na huko jikoni ndiko nilikoelezwa kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawakukutana uso kwa uso. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja njiani, alikuwa anaacha njia na kujibanza pembeni mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini kupeana mikono ni jambo ambalo baadhi ya wazee bado hawalitaki.

Basi somo hili linahusu kupanga zamu. Maneno yenyewe, shikamoo na marahaba, mnayajua. Nitatumia safari yetu ya Desemba iliyopita, tulipofika na kukuta watu kama arobaini na tano wamesambaa ua mzima.

Hatua ya kwanza: uliza kabla hujaingia

Tukiwa kwenye Kosta kutoka Uyole nilimpigia simu binti mmoja wa pale nyumbani, nikamuuliza mambo matatu tu. Nani mkubwa kuliko wote aliyekwisha kufika? Kuna aliyefiwa tangu tuonane? Kuna mgeni wa ndoa, yaani mkwe au shemeji mpya nisiyemjua? Akanijibu kwamba bibi yuko, wa upande wa baba mkwe. Kwamba mama mkubwa alifiwa na mumewe mwezi wa tisa. Na kwamba baba mdogo ameoa. Simu haikufika dakika tatu, na iliniokoa mara mbili siku hiyo, kama mtakavyoona.

Swali la msiba ndilo watu wanalolisahau. Ukimfikia mjane kwa kicheko na "za siku nyingi!", hata ukimpa shikamoo nzuri namna gani, umeshamuumiza.

Hatua ya pili: watoto na wapokea mizigo

Hawa watakufikia kabla wewe hujamfikia mtu yeyote. Usisimame. Itikia marahaba huku unatembea, waguse vichwa, na anayepokea mkoba mwambie "nakuja kukusalimia vizuri". Mtu mzima anayepiga soga getini na vijana huku wazee wanamtazama kutoka kibarazani anaonekana kama amewachagua hao kwanza, hata kama yeye aliona ni adabu tu kusimama.

Hatua ya tatu: salamu ya ua mzima

Ukishaonekana na wote, toa salamu moja ya jumla ukiwa umesimama. Hapa kuna mtego. Ukisema "Shikamooni" mbele ya kundi lenye wazee na vijana, wazee ndio wataitikia marahaba, vijana watanyamaza, kisha wao nao waanze kukuamkia, na kelele zinachanganyika. Mimi nasema "Hodi jamani, hamjambo hapa?" Hiyo haina umri. Ni taarifa kwamba nimefika, na bado sijamsalimia mtu. Usidhani umemaliza kazi.

Hatua ya nne: watatu wa kwanza

Kwa uzoefu wangu, zamu inayoangaliwa kwa makini ni ya watu watatu wa kwanza. Baada ya hapo hakuna anayehesabu.

Nilianza na bibi, kwa sababu yeye ni kizazi cha juu kuliko wote pale. Mwenye nyumba ni mwanawe, na mwanawe hatangulii mbele yake hata kama ndiye aliyenunua ng'ombe wa shughuli. Nilishuka chini karibu na kiti chake, nikasema shikamoo bibi, nikasubiri. Mkono hutoa mkubwa. Akiutoa, unaupokea kwa wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko chako. Asipoutoa, huuombi. Kisha nikaongeza "Mugonile", maana kwa Kinyakyusa ndivyo anavyosalimiwa mtu wa heshima au watu wengi. "Ugonile" ni ya mmoja wa rika lako. Bibi alicheka, akasema mbwa wa kijiji wafungiwe, Mhehe amefika. Huo utani wa mbwa nimeusikia miaka yote ya ndoa na sitegemei kupumzika nao karibuni.

Wa pili alikuwa mama mkubwa aliyefiwa. Kwa umri si wa pili, wapo waliomzidi, lakini msiba ambao hujaupa pole unampandisha mtu. Kwake nilianza na shikamoo fupi, halafu pole, nikakaa chini kimya kidogo. Hakuna aliyenuna kwa kurukwa, kwa sababu kila mtu alijua kwa nini.

Wa tatu baba mkwe. Nilichuchumaa hatua nne hivi kabla ya kiti chake, macho chini, nikasema "Shikamoo baba". Akaitikia, akauliza za safari, nikajibu, nikainuka. Mikono sikutoa. Mume wangu yeye alikwenda akamshika mkono baba yake kama kawaida. Msishangae mume na mke kusalimia mtu mmoja kwa namna mbili.

Hatua ya tano: fuata viti

Baada ya watatu, acha kuchagua. Anza kiti kilicho karibu, endelea na kinachofuata mpaka mwisho wa safu. Ukianza kuruka huku na kule kutafuta nani kamzidi nani miaka miwili, kila unayemruka anajua umempima. Viti havina lawama.

Ila kwenye viti ndiko utakapokutana na kizazi kinachogongana na umri. Mimi nina miaka 44. Baba mdogo wa mume wangu ana 31, ni mtoto wa mwisho wa babu. Je, nimwamkie? Kwa ukoo yeye ni baba, na mbele ya wazee nampa ubaba wake wote: "Baba mdogo, shikamoo." Yeye huona haya, huitikia kwa sauti ya chini na kuniuliza hali haraka haraka. Tukiwa wawili jikoni namwambia "baba mdogo, habari za kazi", na anaridhika. Jina la undugu sishushi popote; shikamoo ndiyo inayoangalia nani anasikiliza. Mke wake mpya ana miaka 26, na kwa kuwa niliambiwa mapema, nilimwita mama mdogo tangu neno la kwanza. Bila ile simu ningemwita mdogo wangu, na angebaki nalo moyoni.

Kwa babu na bibi na wajukuu mambo ni mepesi. Bibi anamwita mwanangu wa kiume "mume wangu", mtoto anaitikia, na utani huo ndio salamu yao. Usimkatize mtoto kumwambia aseme shikamoo kwanza.

Hatua ya sita: jikoni

Jikoni ni mwisho kwa mpangilio, lakini usiende mikono mitupu ya maneno. Wale wamemenya ndizi za mbalaga tangu alfajiri na hawawezi kutoka. Ingia wewe. Mwenye mikono ya unga au mafuta atakupa kifundo cha mkono, kishike hapo hapo. Mkubwa wa jikoni ndiye wa kwanza, wengine kwa pamoja. Kisha vua kitenge cha safari, funga cha kazi.

Tangu getini mpaka jikoni ilinichukua kama nusu saa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makambako: Kwetu babu mdogo ana miaka 68 na shangazi ana 75, wanakaa viti jirani. Nani kwanza?

Jibu: Babu mdogo, kwa kizazi. Lakini mtazame babu mwenyewe. Wengi wa hali hiyo humwonyesha shangazi kwa kidevu, "anza na dada yako mkubwa", kwa utani. Akikuelekeza, fuata. Akikaa kimya, anataka haki yake.

Mwanachama wa Mafinga: Nilimwambia mtu "mambo vipi", kumbe ni mjomba. Sasa ni saa mbili zimepita.

Jibu: Mrudie leo leo, kabla ya chakula. "Mjomba, shikamoo, sikukutambua." Basi. Ukianza kueleza kwamba anaonekana kijana sana, utakuwa umeongeza la pili.

Mwanachama wa Mbalizi: Mke wa kaka yangu mkubwa ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Namwamkia?

Jibu: Huyo ni wifi yako (au shemeji, kama wewe ni mwanaume), mko kizazi kimoja. "Wifi, hujambo?" inatosha. Ukimpa shikamoo atadhani unamkejeli. Tofauti yake na yule mama mdogo wa miaka 26 ni kwamba yule ameolewa na kizazi cha juu.

Mwanachama wa Tukuyu: Sisi ni Wamoraviani, nikifika nasema "Bwana Yesu asifiwe", wote wanaitikia Amina. Si inatosha?

Jibu: Inatosha kwa hatua ya tatu, na ni nzuri kwa sababu haina mkubwa wala mdogo. Wamoravia wako Rungwe tangu 1891, kwa hiyo hata wazee wengi wameizoea. Haichukui nafasi ya shikamoo kwa mmoja mmoja. Na kama kuna wakwe Waislamu au Wakatoliki kwenye viti, tumia hodi ya kawaida ili asikae mtu asiyejua aitikie nini.

Mwanachama wa Njombe: Sisi Wabena na nyie Wahehe tunasema "Kamwene". Nikiolewa Rungwe niitumie?

Jibu: Itumie kwa mtani wako, atafurahi. Kwa baba mkwe anza na Kiswahili.

Mwanachama wa Uyole: Mvua, ua ni tope, nimevaa gauni la kushonesha. Lazima nipige magoti?

Jibu: Kunja goti, shusha mgongo, inaonekana. Bibi mwenye akili atakuzuia kabla hujafika chini. Asipokuzuia, kitenge cha pili ndicho kinachobebwa kwa kazi hiyo. Mimi hukiweka juu kabisa ya mkoba.

Mwanachama wa Vwawa: Nikichelewa nikakuta watu wanakula?

Jibu: Usishike mikono ya wanaokula. Sema hodi, wataitikia "karibu chakula", nawa, kaa penye nafasi, kula. Ukiona bibi amenawishwa mikono, inuka uanze naye.