Mwenyekiti aseme mwisho

Mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima akifungua kikao cha bodi kwa kusema "mimi naona tuwashauri wakulima waikatae bei hii ya mnada", wajumbe hawapimi tena bei, wanapima namna ya kutompinga mkubwa wao. Huku Newala niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, korosho zikiwa ghalani: watu tisa tuliitikia "sawa", kisha nje, chini ya mwembe, wanne wakaanza kunong'ona kuhusu unyevu na ada za shule zinazosubiri malipo.

Tangu hapo tunagawa vikaratasi kabla ya neno lolote. Kila mjumbe anaandika, bila jina, kama anakubali au anakataa, pamoja na sababu moja itakayotufanya tujute endapo tutaikataa bei ya leo na ya mnada ujao ikashuka. Katibu anavisoma vyote kwa sauti, na mwenyekiti anasema mwisho. Vikifanana vyote (jambo ambalo mimi hulitilia shaka), uamuzi unalazwa hadi asubuhi. Utaratibu huu haufui dafu, hata hivyo, ikiwa mwenyekiti amekwisha kumpigia simu kila mjumbe usiku uliotangulia.