Kuunganisha 74HC160 mbili zihesabu 00 hadi 99

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alitaka kihesabio cha magunia yanayopakiwa kwenye lori. Gunia likikata mwanga wa kihisi, namba iongezeke moja. Magunia hayazidi 99, kwa hiyo chipu mbili za 74HC160, kila moja ikihesabu 0 hadi 9, zinatosha: A ya mamoja, B ya makumi.

Anza na umeme. Pini 16 ni volti 5, pini 8 ni ardhi, na kapasita ya nanofaradi 100 ikae jirani kabisa na kila chipu. Pini 9 ipeleke volti 5, pini 3 hadi 6 ardhini, zisielee. Pini 1 za chipu zote ziunganishe pamoja, zivute juu kwa rezista ya kilo-omu 10, kisha weka kitufe cha kuzishusha ardhini ili namba irudi 00. Utakihitaji, maana chipu ikiwashwa huamka na namba yoyote ile.

Sasa waya zenye kazi. A2 maana yake pini 2 ya chipu A, na CLK ni kloki, yaani mapigo yanayotoka kwenye kihisi:

```
CLK        -> A2, B2
5V         -> A7, B7
swichi     -> A10 (ENT)
A15 (RCO)  -> B10 (ENT)
```

Swichi iwe inachagua volti 5, ihesabu, au ardhi, isimame. Kloki ni moja kwa chipu zote, na hapo ndipo wengi tunapotelezea. RCO, ishara inayotoka pini 15 ya A, hupanda A inapofika 9, siyo inaporudi 0. Kazi yake ni kuifungulia B mlango: pigo linalofuata ndilo linaloirudisha A kwenye 0 na kuisogeza B, kwa wakati mmoja. Kwenye 29, kwa mfano, B ni 2 lakini mlango uko wazi. Pigo moja tu, unasoma 30.

Mara ya kwanza mimi niliipeleka RCO kwenye kloki ya B. Ikasoma 07, 08, 19, 10, 11. Umeona ujanja wake? Namba zinazoishia na 9 tu ndizo mbovu, nyingine zote ziko sawa. Nilijaribu kwa magunia kumi na mawili nikaridhika, hadi mpakiaji aliponiambia, "Fundi, hii mashine yako imeruka gunia kumi."

Kosa la pili limejificha zaidi. Ukiweka swichi ya kusimamisha kwenye pini 7 ya A badala ya pini 10, A itasimama, lakini RCO haiisikilizi pini 7. Ukisimamisha kwenye 29, mlango wa B unabaki wazi na kila pigo linaongeza kumi: 39, 49, 59. Pini 10 huizima RCO yenyewe, ndiyo maana swichi inakaa pale.

Kwa hiyo usijaribu kwa kuanzia 00 peke yake. Fika 29, zima swichi, pitisha mkono mbele ya kihisi mara tano. Ibaki 29. Washa, pitisha mara moja, isome 30.