Filamu ya kuwaonyesha vijana waliofungwa mabao mengi

Ukifundisha vijana soka, watafutie Next Goal Wins, ile ya mwaka 2014 yenye wachezaji halisi, si ya maigizo ya 2023. Inahusu timu ya taifa ya Samoa ya Marekani, waliofungwa 31–0 na Australia mwaka 2001.

Sisi hapa Mikindani tuliitazama jioni ya siku tuliyofungwa 6–0, vijana wamenuna, lawama zote kwa kipa. Kipa Nicky Salapu alipoanza kuyazungumzia yale mabao 31, nikasimamisha picha nikauliza: mabeki walikuwa wapi? Kimya. Beki wetu wa kulia akanyanyuka, akaenda kuketi karibu na kipa.

Mwaka 2011 Salapu ndiye aliyekuwa golini walipoifunga Tonga 2–1. Wanazungumza Kiingereza, kwa hiyo itazame kwanza peke yako, uwatafsirie vizuri.