Umelipa, umejenga ukuta, lakini mkataba hauna sahihi: sheria ya Kenya inasemaje?

Chukua mfano huu. Mnunuzi yuko Doha. Kwa WhatsApp anakubaliana na mzee mmoja nje ya mji wa Nakuru kununua robo ekari kwa shilingi 1,200,000. Anatuma 800,000 kwa M-Pesa kupitia kaka yake, na mzee anaandika kwenye karatasi ya daftari: "Nimepokea 800,000 ya shamba." Kaka anazungusha ua, anachimba msingi. Mwaka mmoja baadaye anatokea mtu mwenye 2,000,000 taslimu, na mzee anabadili nia. Je, mnunuzi anaweza kumlazimisha auze?

Kwa mkataba wenyewe, hawezi. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mambo matatu kwa pamoja: mkataba uwe wa maandishi, pande zote ziutie sahihi, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ilipotiwa. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinarudia hayo hayo. Ile karatasi ya mzee ina sahihi moja na haina shahidi. Ni ushahidi kwamba pesa zilipokelewa, basi.

Wengi hujibu, "Lakini nimeshaingia na nimejenga." Hoja hiyo zamani ilikuwa na nguvu. Sheria ilikuwa na kipengele kilichomlinda mnunuzi aliyetekeleza sehemu ya makubaliano: akiwa ameshika ardhi na kufanya jambo jingine la kuendeleza ununuzi, mahakama ilimsikiliza hata bila maandishi. Kipengele hicho kiliondolewa, na kuanzia tarehe 1 Juni 2003 hakipo tena. Ushauri wa wazee walionunua miaka ya tisini ulikuwa sahihi kwa wakati wao, ndiyo maana unapotosha leo.

Umebaki mlango mmoja mwembamba. Kifungu hicho hicho kinasema hakigusi amana inayotokana na mwenendo wa watu wenyewe, yaani mahakama kumhesabu muuzaji kuwa ameishika ardhi kwa niaba ya mnunuzi kwa sababu kumwacha abadili nia kungekuwa dhuluma. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilitumia hoja hiyo kuwalinda wanunuzi 88 ambao muuzaji alipokea pesa zao na kuwaingiza kwenye ardhi, ingawa idhini ya bodi ya ardhi, inayotakiwa kwa shamba la kilimo, haikupatikana. Lakini usiufanye mlango huo kuwa mpango wako. Ni lazima uthibitishe kwamba muuzaji mwenyewe ndiye aliyekuingiza, kwamba alikuona ukijenga akanyamaza, na kwamba wewe ulitumia pesa kwa kumwamini. Ua uliowekwa kimyakimya na kaka mtu hausemi mengi. Ukishindwa, unabaki kudai 800,000 zako, si shamba.

Sasa njia iliyonyooka. Huna haja ya kupanda ndege, kwa kuwa sheria inataka kila upande uwe na shahidi wake, si wote wakae meza moja. Wakili aandike mkataba wenye namba ya hati, ukubwa, bei, ratiba ya malipo na tarehe ya kukamilisha. Mzee atie sahihi Nakuru mbele ya shahidi wake, nakala halisi ije Doha, nawe utie kwa wino mbele ya shahidi wako, ambaye ataandika jina, namba ya kitambulisho na tarehe. Kosa la kawaida ni shahidi kutia sahihi siku nyingine kwa kuombwa kwa simu. Akihojiwa kortini akasema hakukuwapo, mkataba mzima umeyumba.

Ukitaka kaka asaini kwa niaba yako, mpe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na kusajiliwa. Akisaini kwa jina lake bila hati hiyo, mnunuzi kwenye karatasi ni yeye.

Kwa shamba la kilimo kuna hatua nyingine. Maombi ya idhini ya bodi ya ardhi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Ukiacha ule mlango mwembamba, bila idhini mauziano ni batili hata kama sahihi zote ni safi, na pesa ulizolipa zinadaiwa kama deni. Mahakama inaweza kuongeza muda, ila ni lazima uombe na utoe sababu.

Mkataba ukishasainiwa, wiki hiyo hiyo wakili apeleke zuio, ile inayoitwa koshen, kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Yule wa 2,000,000 akipekua hati ataliona, na msajili hataandikisha uhamisho bila ridhaa yako au amri ya mahakama. Malipo makubwa yafuate baada ya hapo. Asilimia 10 ndiyo malipo ya awali yaliyozoeleka, na kwa shamba la mzee yangekuwa 120,000, si 800,000.