Mhadhara wa figo kwenye ukurasa mmoja
Wadogo zangu wa Tanga mnaojiandaa na mtihani wa baiolojia, msifupishe mhadhara aya kwa aya. Pitieni maandishi yote mkitafuta sentensi za aina mbili: zinazosema kitu ni nini, na zinazosema kwa nini kinatokea. Mifano na marudio ya mwalimu yaacheni. Fasili iwe sentensi moja. Sababu na matokeo yaungeni kwa mishale:

jasho jingi (joto letu hili!) → maji hupungua kwenye damu → haipothalamasi hugundua → tezi ya pituitari hutoa homoni ya ADH → mirija ya kukusanyia mkojo hupitisha maji zaidi kurudi damuni → mkojo kidogo, uliokolea

Kisha funika hatua moja ya mnyororo huo uitaje. Wengi hukwama kwenye mirija, wakaandika tu “ADH hupunguza mkojo”, ilhali swali limeuliza jinsi gani.