Bango kitita la mradi wa afya: chora kutoka juu, soma kutoka chini

Bango kitita ni jedwali linaloonyesha jinsi shughuli za mradi zinavyoleta mabadiliko, na jinsi tutakavyoyapima. Andaa karatasi ya manila, kalamu na vikaratasi vya kubandika. Mfano wetu ni mradi wa kata moja wenye nia ya kuwafanya wajawazito waanze kliniki mapema.

Hatua ya 1. Andika matokeo kwanza. Matokeo ni badiliko kwa watu, si kazi yetu: "Wajawazito wanaanza kliniki kabla ya wiki 12." Ukomo huo unafuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016. Juu yake bandika lengo kuu, kupungua kwa vifo vya uzazi, ambalo mradi unachangia tu.

Hatua ya 2. Shuka chini. Chini ya matokeo yanakaa mazao, yaani kile tunachokabidhi: wahudumu 12 wa afya ngazi ya jamii wanaotembelea kaya kila mwezi. Chini kabisa ziko shughuli: kuwafundisha, kuwapa madaftari, kuwasimamia. Unganisha kwa mishale.

Hatua ya 3. Soma kila mshale kwa "ikiwa… basi". Usiiharakishe hatua hii. "Ikiwa wahudumu wanatembelea kaya, basi wajawazito wataanza kliniki mapema." Kweli? Katika mradi mmoja niliofanyia kazi, mama alifika zahanati akiwa na wiki 8, akaambiwa arudi tumbo likionekana, tena aje na mume. Aliporudi kijijini aliwasimulia wenzake, na ziara za wahudumu zikakosa maana. Mshale wetu ulikuwa umeruka zahanati nzima.

Tuliongeza zao la pili: wauguzi wanampokea mjamzito siku ileile anayofika, awe na mwenza au hana. Upatikanaji wa vipimo vya mimba tuliuweka kwenye safu ya dhana, yaani mambo ambayo mradi unayategemea bila kuyadhibiti, kwa kuwa hauko mikononi mwetu. Ila jambo ambalo mradi unaweza kulirekebisha lisifichwe kwenye dhana. Lipe shughuli yake.

Hatua ya 4. Weka viashiria. "Idadi ya wahudumu waliofundishwa" ni kiashiria cha zao. Kwa matokeo, pima asilimia ya hudhurio la kwanza lililofanyika kabla ya wiki 12. Tuseme mwaka jana walianza kliniki wajawazito 240, kati yao 60 wakiwa wamewahi: asilimia 25. Mwaka huu wamekuwa 320, waliowahi 80. Idadi imepanda, lakini asilimia ni ileile 25. Ripoti namba zote mbili, maana ongezeko la 20 ni la kweli, ila tabia ya kuchelewa haijabadilika.

Hatua ya 5. Jaza njia ya uthibitisho, yaani takwimu za kila kiashiria zitatoka wapi. Kabla ya kuandika "rejesta ya MTUHA", yaani daftari la zahanati la mfumo wa taarifa za huduma za afya, nenda zahanati ukaifungue. Soma mistari 30 ya mwisho, uhesabu ni mingapi haina umri wa mimba. Ikiwa ni mingi, takwimu yako ya kuanzia haiaminiki: kwanza kaa na muuguzi, mjaze safu hiyo pamoja kwa kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.